Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kwari nzima ya mawe ilimwita Mkwe. Meneja alimwita Mkwe, madereva wa malori walimwita Mkwe, hata mama wa chai pale getini, ambaye hakuwa na undugu naye wa karibu wala wa mbali, alimwita Mkwe na kumwongezea sukari. Jina lilianza siku ya kwanza alipofika, miaka kumi na moja nyuma, akimfuata mzee mmoja mfupi, mpana wa mabega, na mzee akatangaza kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mashine ya kusaga kokoto: "Huyu ni mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa. Atakayemletea mchezo ajue mimi ndiye ninayeshika baruti hapa." Watu wakacheka, na jina likaganda.

Mzee huyo ndiye Mzee Ngurumo, mlipuaji wa kwari. Na usidhani ni jina la kujipachika. Miaka thelathini na moja alikuwa akiangusha ukuta wa jiwe, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyepoteza kidole mikononi mwake. Kidole! Kuna kwari ukienda kusalimia watu kwa mkono unakuta pengo. Kwake, hata. Wenzake wa zamani walikuwa wakibana fataki kwenye utambi kwa meno, yaani ile kapsuli ndogo inayoamsha baruti, mtu anaitia mdomoni kama njugu na kuiuma. Yeye alikuwa na koleo yake maalumu ya kubania, na ole wako akukute umeiazima kukatia waya.

Mkwe alianza kwa kubeba udongo wa kuzibia mashimo. Akapanda. Mwaka wa nne akapewa kibali cha kushika baruti, kadi yenye picha yake, inayomruhusu kuitoa stoo, kuibeba na kuipakia shimoni kwa kijiti cha mbao, mradi mwenye cheti cha ulipuaji awe amesimama hapo hapo. Lakini kuongoza mlipuko, kusema "washa" na kusema "salama", hilo kadi yake haikumpa. Hilo ni la mwenye cheti, na pale kwari cheti kilikuwa kimoja tu, kwenye fremu ofisini, na picha ya Mzee Ngurumo akiwa bado na nywele.

Sasa Mkwe alitaka cha kwake, na alikuwa amebakiza saini moja.

Utaratibu ni huu. Anayeomba cheti cha ulipuaji anapeleka barua ya meneja, cheti cha daktari cha macho na masikio, karatasi ya polisi ya tabia njema, na kitabu cha milipuko. Kitabu hicho ndicho roho yenyewe. Kina kurasa arobaini zenye namba na muhuri, mlipuko mmoja ukurasa mmoja: mashimo mangapi, baruti kiasi gani, utambi mrefu kiasi gani, nani walilinda njia, nini kilitokea. Mwanafunzi anajaza, mlipuaji anayemsimamia anasaini. Huruhusiwi kuchana ukurasa wala kuuruka. Mkwe alikuwa na kurasa thelathini na tisa zenye saini ya baba mkwe wake, ile yenye mkia mrefu kama wa kenge. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa mtupu pale chini.

Mtihani ulikuwa Jumanne, siku tisa mbele. Ukipita huo, mwingine mwakani. Na meneja alishasema wazi: cheti cha mzee kinakwisha mwisho wa mwaka, kama kwari haitakuwa na mlipuaji wake mwingine ataleta kampuni ya nje na watu wao. Mkwe angerudi kwenye ndoo ya udongo. Miaka kumi na moja, halafu ndoo!

Siku ya mlipuko ule wa ukurasa wa thelathini na moja walikuwa wakipasua mawe makubwa yaliyobaki chini ya ukuta, mawe tisa, kila moja na shimo lake na utambi wake. Tambi walizikata kwa kupishana urefu ili milio ifuatane, mmoja mmoja, ihesabike. Ndiyo kazi ya masikio hapo. Umewasha tisa, usikie tisa. Ukisikia nane, kuna moja imelala ndani ya jiwe, na hujui imelala usingizi gani.

Waliwasha wawili, mzee matano na Mkwe manne, wakatembea bila kukimbia mpaka kwenye kibanda cha kujikinga. Mzee huwa hakimbii. Anasema mlipuaji anayekimbia amekata utambi mfupi. Wakakaa, kila mmoja na hesabu yake kimoyomoyo. Milio ikaanza. Vumbi likapanda, kokoto zikanyesha juu ya bati la kibanda, kisha kimya.

"Tisa," alisema mzee, akanyanyuka.

"Nane, baba," alisema Mkwe.

"Tisa. Mbili zimekwenda pamoja."

"Nimesikia nane."

Mzee alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyejibu wageni. Akavaa kofia yake ngumu, akatoka. Sheria aliijua kuliko aliyeiandika: wakipishana hesabu inachukuliwa ile ndogo, na kwa utambi mnasubiri nusu saa nzima kabla mguu wa mtu kugusa pale, maana utambi ulioloa unaweza kufuka polepole kama kaa la moto chini ya majivu, halafu ukafika. Dakika tano zilikuwa hazijaisha. Sheria aliijua, ila kwa hesabu yake mwenyewe haikumhusu. Tisa ni tisa.

Basi Mkwe akafanya jambo ambalo mke wa mtu hamfanyii baba wa mumewe. Alimpita kwa mbio, yeye aliyefundishwa asikimbie, akasimama katikati ya njia nyembamba, akatandaza mikono yote miwili.

"Hupiti, baba."

Kule juu walinzi wa njia waliona. Dereva wa kijiko, yule anayeendesha mashine ya kuchota mawe na ambaye watu walimwita Kijiko kwa sababu ya mashine na kwa sababu ya kuchota maneno ya watu, aliona vizuri kuliko wote. Mtu mmoja akapiga mluzi.

"Nipishe," alisema mzee kwa sauti ya chini.

"Nusu saa. Nikupishe halafu niende nikamwambie nini mwanao?"

"Nasema nipishe."

"Na mimi nasema hupiti. Nisukume."

Hakumsukuma. Angewezaje? Alirudi kibandani, akaketi akimpa mgongo, na nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko mwezi wa kusubiri mshahara. Mkwe hakutoka njiani. Alijua amefanya sawa, na bado alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nusu saa ilipoisha walikwenda. Mawe manane yalikuwa vipande. Moja, lile la saba kwa mpangilio, lilikuwa zima, limekaa kama mgeni asiyeaga. Utambi wake ulikuwa umezimika kiganja kimoja nje ya shimo, mahali palipoloa tope. Ulizima dakika ya kwanza. Hakuna aliyeuvuta wala kuugusa. Walilaza baruti mpya juu ya jiwe, wakaifunika udongo, wakawasha, na jiwe likaenda pamoja na kile kilicholala ndani yake.

"Umeona?" mzee alimwambia wakikusanya vifaa. "Ulikuwa umekufa toka mwanzo. Ningepita na ningerudi mzima. Umenivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya utambi uliokufa."

Mkwe angejibu kwamba utambi mfu na utambi hai, ukiwa kibandani, zote ni kimya. Alifunga sanduku la vifaa. Jioni ile alijaza ukurasa wa thelathini na moja kama alivyojaza nyingine zote, na chini kabisa akaandika mistari miwili: *Mlipuaji alihesabu tisa, mimi nane. Alitaka kurudi kabla ya nusu saa, nikamzuia.* Akapeleka kitabu. Mzee akasoma, akakifunga, akamrudishia bila saini. Milipuko mingine tisa ilifuata, akaisaini yote. Huo hakuugusa.

Siku tisa kabla ya mtihani alimwita kwenye kivuli cha stoo ya vipuri.

"Mwanangu," alisema, "futa ile mistari miwili. Kata kwa kalamu, weka herufi zako pembeni, inaruhusiwa. Nitasaini sasa hivi. Kalamu ninayo."

Alikuwa nayo kweli, imechomekwa mfukoni. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

"Nipe nifikirie, baba."

Kufikiria kukawa kwa watu wote. Kijiko alimfuata mpaka kwenye bomba la kunawia mikono. "Wewe Mkwe, kichwa chako kina kokoto? Mistari miwili tu! Mlisikia nane, mkasubiri, mkalilipua tena, yote yamo humo juu. Nani kakuuliza nani alitaka kwenda wapi?"

"Wewe uliona au hukuona?"

"Niliona. Na nimehadithia kila mtu. Lakini mimi nahadithia kwa mdomo, siandiki. Mdomo haupigwi muhuri."

Nyumbani mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, mpole mpaka watu wanamwonea, hakumlazimisha. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango akisugua masizi mikononi. "Ni baba yangu," alisema. "Na wewe ni mke wangu. Sijui nikae upande gani."

"Kaa hapo hapo ulipo," Mkwe alimwambia. "Lakini nisikilize. Watu sita wanasimama nyuma yangu wakingoja niseme salama ndipo waende. Hawaoni nilichohesabu. Hawana kingine cha kushika ila neno langu. Nikianza kazi hii kwa kukata mistari ya kweli kwa sababu inamuudhi mkubwa, siku mkubwa mwingine akiniambia tisa na mimi nimesikia nane, nitasemaje? Cheti nitakuwa nacho. Mlipuaji sitakuwa."

Mumewe alijifuta mikono kwenye suruali. Kisha akasema polepole: "Unajua siku hizi simu yake ikilia baba anaangalia huku na huku, hajui iko wapi?"

Alijua. Wote nyumbani walijua, na hakuna aliyelisema kwa sauti, kama vile kutolisema ni adabu.

Kesho yake alikwenda kwa mzee, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwamkia, akaketi chini kidogo ya kiti chake kama inavyostahili. "Baba, sitafuta. Usiposaini nitaenda nacho hivyo hivyo, wakinifukuza wanifukuze. Lakini nisikudanganye kwamba bado nafikiria."

"Haya," alisema mzee. Hilo tu.

Jumapili mchana Mkwe alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo. Nyumba zao ziko ua mmoja, ya mzee mbele, yao nyuma, na ukuta mfupi wa matofali katikati. Alisikia sauti ya kijiko kikigonga mfuniko wa sufuria. Ngo, ngo, ngo. Akadhani ni watoto wa jirani. Kisha akasikia sauti ya baba mkwe wake.

"Sita."

Halafu mumewe: "Zilikuwa nane, baba."

"Rudi mbali kidogo. Nimekaa mgongo, sikuoni. Gonga tena, haraka haraka, zifuatane."

Ngo ngo, ngo, ngo ngo. Mkwe alisimama na shati la mtu mikononi, maji yakimchirizika kwenye viwiko, akahesabu bila kutaka. Saba.

"Tano," alisema mzee.

Safari hii mumewe aliuweka mfuniko chini kwanza. "Saba," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imelowa.

"Gonga tena."

"Baba, basi."

"Nimesema gonga, wewe! Mimi nalia? Unalia nini?"

Zikagongwa tena. Mkwe aliliacha beseni, akaingia ndani taratibu, akafunga mlango asisikie jibu. Kuna mambo hata kuyasikia ni kumkosea mtu heshima.

Jumanne asubuhi, kabla ya basi, kitabu kilikuwa juu ya kiti mbele ya mlango wake, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alikifungua pale pale amesimama. Thelathini na moja. Mistari yake miwili ilikuwepo, haikuguswa, na chini yake mkia mrefu wa kenge. Alikifunga haraka, akaangalia nyumba ya mbele. Mlango ulikuwa umefungwa na mapazia yameshushwa. "Asante, baba," alisema, akiuambia mlango, akakimbilia basi lake.

Ofisi ya wakaguzi wa migodi ilikuwa chumba chenye feni isiyozunguka, meza tatu na kabati la chuma. Mkaguzi wa baruti alikuwa mtu mwembamba, miwani imemkalia ncha ya pua, na hakucheka toka waombaji wanaingia mpaka wanatoka. Walikuwa saba siku hiyo. Mkwe peke yake ndiye mwanamke, na mlinzi wa mlangoni alishamwelekeza dirisha la wanaoleta chakula.

"Nimekuja kufanya mtihani," alimwambia. "Chakula nitakula nikifaulu."

Alipoitwa aliulizwa maswali arobaini bila mkaguzi kupumua. Fataki na baruti zinakaa vipi? Stoo mbili, hazilali chumba kimoja, wala hazipandi sanduku moja. Ipi inatoka kwanza? Iliyoingia kwanza. Radi ikianza kupiga na mashimo yameshapakiwa? Watu wote nje, walinzi wabaki kwenye njia, kazi isimame mpaka ipite. Shimo la jana limebaki kitako ukutani, unaweza kulichoronga tena kwa sababu liko tayari? Hata siku moja, huwezi kujua nini kimebaki humo.

"Mita moja ya utambi inaungua kwa sekunde ngapi?"

"Sijui," alisema Mkwe.

Mkaguzi aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Sijui mpaka niukate na kuupima. Roli ya utambi tuliyofungua mwezi jana, sekunde mia moja na nane. Ile ya kabla yake, mia moja na kumi na tano. Yako sijaiona."

Mkaguzi akaandika kitu. Akampeleka uani, akampa utambi wa mazoezi na fataki isiyo na kitu ndani, akamwangalia anavyokata ncha iwe sawa bila mshazari, anavyoingiza bila kusokota, anavyobana kwa koleo akiwa ameielekeza mbali na mwili. Wakarudi mezani. Sasa akavuta kitabu.

Alikipekua kama mtu anayetafuta mbu. Wenzake waliotangulia vitabu vyao vilikuwa safi, milipuko arobaini isiyo na kasoro hata moja, vimejazwa kwa kalamu moja na pengine kwa jioni moja. Alivipitisha huku akikunja uso. Kwenye cha Mkwe alifika thelathini na moja, akasimama.

"Mlipuaji huyu uliyeandika kwamba ulimzuia. Ndiye huyu aliyesaini?"

"Ndiye."

"Ni nani yako?"

"Baba mkwe wangu."

Mkaguzi alivua miwani, akaivaa. Kisha akageuza ukurasa. Nyuma ya kila ukurasa kuna nafasi ya maoni ya msimamizi, nafasi ambayo watu huiacha tupu miaka nenda miaka rudi, na Mkwe hakuwa amefikiria kuigeuza. Ilikuwa imejaa mwandiko, wino wa bluu, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeshika kalamu kama nyundo.

"Umesoma hapa?"

"Hapana."

Mkaguzi alisoma kwa sauti.

"*Yaliyoandikwa mbele ni kweli. Nilihesabu tisa, zilikuwa nane. Jumapili nimejipima nyumbani kwa mfuniko wa sufuria mara tatu, nimekosa mara tatu. Masikio yangu hayawezi tena milio inayofuatana. Nilikasirika, nikazuia saini yangu wiki nyingi, na hilo pia ni kosa langu. Mkwe wangu alisimama njiani mbele ya watu akakataa nisipite. Angenipisha kwa heshima, nisingemkubali kuwa mlipuaji. Naomba nipimwe masikio. Mpaka hapo sitaongoza mlipuko. Nimemfundisha mimi.*"

Karani wa meza ya pili alikuwa ameacha kugonga mashine yake. Mkwe aliona wino wa bluu ukiyeyuka mbele ya macho yake, akajua ni machozi, na hakuyaficha. Ayafiche kwa nini? Mtu ameandikiwa maneno kama yale na Mzee Ngurumo, asilie?

"Nimemharibia?" aliuliza.

"Cheti chake kitasimama mpaka apimwe, na kwa umri ule sidhani kitarudi," alisema mkaguzi. "Lakini si wewe. Hapa kaandika mwenyewe." Akachukua muhuri, akaupuliza, akaugonga kwa nguvu ambayo haikuwa ya lazima. "Miaka kumi na sita nakaa kwenye kiti hiki. Sijawahi kuona mlipuaji akijishitaki. Nenda kamwambie nimesema hivyo."

Alimwambia jioni ile ile, neno kwa neno. Mzee alikuwa akimenya chungwa. Alisikiliza akiwa amegeuza sikio la kulia, ambalo lilikuwa na nafuu, kisha akampa nusu ya chungwa. "Kula," alisema. "Na uache kulialia, cheti hakipendi maji."

Daktari wa masikio alithibitisha alichosema mfuniko wa sufuria. Fremu ofisini ikatolewa picha ya mwenye nywele, ikawekwa ya mwanamke mwenye kitambaa kichwani na macho yasiyotaka mchezo, *ulipuaji wa juu ya ardhi*, miaka mitatu. Meneja alimwambia mzee kwamba sasa angeweza kukaa nyumbani apumzike. Mzee akamwambia kupumzika ni kwa waliochoka, yeye ataanza kulinda njia.

Kwa hiyo asubuhi ya mlipuko wa kwanza wa Mkwe, yeye mwenyewe ndiye aliyepanga walinzi wanne. Kila mmoja alimpa bendera nyekundu, akamwonyesha mahali kwa kidole, akamwambia kanuni ana kwa ana: hakuna anayepita, na huondoki ulipo mpaka mimi nije nikuruhusu kwa mdomo wangu, usisikilize king'ora wala redio. Alipofika kwa wa nne, barabara ya juu ya malori, alisita. Atamwamrishaje?

"Sema," alisema mzee, amesimama kama askari, bendera begani. "Sema kama ulivyowaambia wengine. Sitaki kupunguziwa."

Alisema. Mzee akairudia yote, neno kwa neno, bila kukosea.

Mashimo nane ukutani, si mawe ya chini safari hii. Ukuta uliangukia pale pale alipoukusudia, ukaketi chini taratibu kama bibi harusi anayeogopa kukunja gauni lake. Milio ilipishana vizuri, na alihesabu kwa kucha ya kidole gumba kwenye vidole vingine. Nane. Akangoja muda wake, vumbi likatulia, akakagua shimo kwa shimo, mwamba kwa mwamba. Hakuna kilicholala. Akaagiza king'ora cha salama.

Hapo mvua ikaanza, ile ya matone makubwa. Walinzi watatu wa chini aliwaruhusu akipita, wakakimbilia bati. Barabara ya juu ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na huko gari la meneja lilikuwa likitaka kushuka. Lilikuwa limesimama mbele ya bendera nyekundu. Kijiko alikuwa ndani pia, ametoa kichwa dirishani, anapiga kelele juu ya mvua.

"Mzee! King'ora kimelia! Kimelia muda tu! Panda twende, unaloa!"

"Sikukisikia," alisema Mzee Ngurumo. "Hata ningekisikia."

"Mimi ndiye meneja," alisema meneja. "Nakwambia mlipuko umekwisha."

"Ndiyo, bosi. Wewe ni meneja." Maji yalikuwa yakimwagika kwenye ukingo wa kofia yake, na bendera imemgandia mkononi. "Lakini mlipuaji wangu hajafika. Rudisha gari nyuma kidogo, hapo ulipo ni ndani ya eneo."

Na meneja, ungemwona, akarudisha gari nyuma.

Mkwe alisikia yote akipanda kile kilima, pumzi juu juu, matope mpaka magotini. Alifika, akasimama mbele ya baba mkwe wake. Kisha akasema kama kanuni inavyotaka, kwa sauti ya kazi, mbele ya meneja na Kijiko na mvua yote ile.

"Eneo ni salama. Nakuruhusu uondoke."

Mzee aliikunja bendera mara mbili, akaiweka kwapani. Ndipo akatabasamu.

"Ngapi?" aliuliza.

"Nane, baba."

"Mimi nimesikia sita," alisema. Akamshika bega, wakaanza kushuka pamoja. "Andika nane."